Sifuri kwa sifuri: Nukta moja inayoiokoa kanuni ya L'Hôpital

WANAFUNZI wanaoanza hesabu za vikomo hufundishwa mapema mbinu moja tamu: iwapo sehemu inatoa sifuri juu na sifuri chini, tafuta kasi ya mabadiliko ya kila upande, kisha ugawanye upya. Mbinu hiyo huitwa kanuni ya L'Hôpital, kwa jina la mwanahesabu Mfaransa aliyeichapisha mwaka wa 1696, ingawa aliyeivumbua ni mwalimu wake Mswisi, Johann Bernoulli, ambaye alilipwa kumfichulia uvumbuzi wake. Kwa nini inafaulu, wengi hawaelezwi, na ndio hao huitumia mahali isipofaa.

Chukua (x³ − 8)/(x² − 4), x inapokaribia 2. Ukiweka 2 yenyewe unapata 0/0, ambayo haina maana. Kasi ya x³ ni 3x², na ya x² ni 2x. Sehemu mpya ni 3x/2, ambayo penye 2 inatoa 3. Hebu tupime: x ikiwa 2.1, sehemu ya awali ni 1.261/0.41, yaani takriban 3.08. Ikiwa 2.01, ni takriban 3.008. Jibu ni sahihi, lakini kupima si kuthibitisha.

Uthibitisho wenyewe waweza kuonekana barabarani. Mabasi mawili yanaondoka Nairobi saa mbili asubuhi. Kufikia saa nne, la kwanza limetimiza kilomita 160 na kuingia Nakuru, na la pili limetimiza 120, karibu na Gilgil. Kanuni ya kawaida ya wastani yasema kuna wakati ambapo la kwanza lilikwenda kasi ya 80 kwa saa barabara, na wakati ambapo la pili lilikwenda 60. Lakini haisemi kwamba nyakati hizo ni moja. Huenda la kwanza lilikuwa na kasi hiyo saa mbili na nusu, na la pili saa tatu na robo. Kugawanya kasi za nyakati mbili tofauti hakutufikishi popote.

Hapo ndipo alipoingia Mfaransa mwingine, Augustin-Louis Cauchy, katika karne ya 19. Zidisha mwendo wa basi la kwanza kwa 3 na wa pili kwa 4, kisha utoe. Mwanzoni tofauti ni sifuri. Mwishoni ni 480 kutoa 480, sifuri tena. Kitu kinachoanza na kumalizia mahali pamoja, kikibadilika taratibu bila kuruka, lazima kuna dakika kinapotulia, ama kileleni ama bondeni. Dakika hiyo, kasi ya kwanza mara 3 ni sawa na ya pili mara 4. Basi uwiano wa kasi, 4 kwa 3, ni sawa na uwiano wa mwendo, na sasa ni katika dakika ile ile moja. (Sharti basi la pili lisiwe limesimama, maana hakuna agawanyaye kwa sifuri.)

Turudi kwenye sehemu yetu, x ikishika nafasi ya saa. Nambari 8 na 4 ndizo thamani za x³ na x² penye 2, kwa hiyo juu kuna "mwendo" wa x³ kutoka 2, na chini wa x². Cauchy atuhakikishia nukta c, kati ya 2 na x, ambapo sehemu nzima ni sawa na 3c/2 kamili. Kwa x ya 2.1, c ni takriban 2.05. Kadiri x inavyosogea kwa 2, c haina pa kukimbilia. Imebanwa katikati, nayo 3c/2 yaelekea 3.

Ukilijua hilo, mitego yaonekana. Penye 2, (x³ − 7)/(x² − 3) ni 1/1, yaani 1, lakini anayekimbilia kanuni atapata 3. Amekosea kwa sababu nambari zilizoondolewa si thamani za mwanzo. Anachogawanya si mwendo.

Mtego wa pili ni wa hila zaidi. Sehemu x² sin(1/x) juu ya x, x ikikaribia 0, ina kikomo 0. Uwiano wa kasi, 2x sin(1/x) − cos(1/x), wayumba bila kikomo, kati ya karibu −1 na karibu 1. Je, Cauchy amekanushwa? La. Yeye aliahidi c moja kwa kila x, wala si nukta zote. Nukta anazozichagua hapa ni zile tu ambazo uwiano wao ni mdogo na waelekea sifuri, huku nyingine zikiendelea kuyumba. Kwa hiyo uwiano wa kasi ukikosa kikomo, kanuni hainyimi sehemu ya awali kikomo chake. Imenyamaza tu, na mwanafunzi hana budi kutafuta njia nyingine.