Kondori wa chuma: soko tulivu, hofu ghali

Agosti 2020 soko la hisa la Marekani lilikuwa katika hali ya kutatanisha. Fahirisi ya S&P 500, ambayo hupima bei za kampuni kubwa 500 za nchi hiyo, ilipanda taratibu. Siku nyingi haikusogea hata asilimia moja, na tarehe 18 ikavuka kilele ilichokuwa imekiweka kabla ya korona. Hata hivyo VIX, namba inayokokotolewa Chicago kutokana na bei za opsheni za fahirisi hiyo, ilikataa kufunga chini ya 20. Soko lilikuwa limetulia, lakini kinga dhidi ya anguko bado iliuzwa ghali.

VIX ya 22 maana yake ni kwamba wanunuzi wa opsheni wanalipia mtikisiko wa asilimia 22 kwa mwaka. Ukiigawa kwa 16, ambayo ni takriban kipeuo cha pili cha siku za biashara za mwaka, unapata mtikisiko wa kila siku: karibu asilimia 1.4. Fahirisi ikiwa 3,360, hizo ni kama pointi 46 kwa siku, juu au chini. Mwezi ule soko lilitembea chini sana ya hapo. Pengo kati ya mtikisiko unaolipiwa na ule unaoonekana ndilo pato la muuzaji wa opsheni, na ndilo linalomvuta kwenye biashara inayoitwa kondori wa chuma.

Tuijenge kwa bei za fahirisi za kweli, na kwa bei za opsheni ambazo ni za mfano tu. Ni Jumatatu, Agosti 10, na S&P 500 imefunga 3,360. Unauza opsheni ya kuuza ya kiwango cha 3,050 na kununua ya 3,000 iwe ngao yako soko likianguka. Upande wa juu unauza opsheni ya kununua ya 3,550 na kununua ya 3,600. Zote nne zinakwisha Septemba 18. Kwa jumla unapokea pointi 12. Fahirisi ikimaliza kati ya 3,050 na 3,550, pointi hizo zote ni zako. Ikipita ngao ya upande wowote, unalipa upana wa pointi 50 ukitoa 12 ulizopokea, yaani unapoteza 38. Haiwezekani kupoteza pande zote mbili kwa pamoja, kwa sababu fahirisi itamalizia mahali pamoja tu.

Swali linalofuata ni mikataba mingapi, na hapa ndipo akaunti nyingi huvunjikia. Tuseme una dola 50,000. Mkataba mmoja wa SPX, opsheni kubwa za fahirisi hii, hulipa dola 100 kwa kila pointi, kwa hiyo hasara ya juu ya kondori huyu ni dola 3,800. Kanuni ninayoifuata ni kwamba biashara moja isiweke hatarini zaidi ya asilimia 5 ya akaunti, na hesabu ianzie kwenye hasara ya juu. Malipo unayopokea hayana nafasi katika hesabu hiyo. Asilimia 5 ya 50,000 ni 2,500. Mkataba mmoja tu wa SPX umeshazidi. Hapo unahamia XSP, ambayo ni sehemu moja ya kumi ya SPX: hasara ya juu ni dola 380 kwa mkataba, malipo ni dola 120, na mikataba sita inakuweka hatarini kwa dola 2,280. XSP pia hulipwa kwa fedha taslimu mwisho wa muda na haiwezi kutekelezwa mapema, kwa hiyo hutaamka ukiwa na hisa mkononi ambazo hukuzipanga.

Mikataba sita itaonekana midogo kwa mtu anayetazama skrini ya dalali wake, kwa sababu dhamana inayodaiwa ni ileile 380 kwa mkataba, na akaunti inaweza kubeba 131. Malipo yakiwa manono na soko likiwa limelala, kishawishi cha kuongeza ni kikubwa. Mimi naona kinyume chake. Bei ya opsheni haipandi bila sababu. Mwaka ule sababu zilikuwa wazi: jeraha la Machi, ambapo VIX ilifunga 82.69 tarehe 16, ugonjwa ambao haukuwa na chanjo, na uchaguzi wa rais wa Novemba 3. Utulivu wa wiki tatu haukuwa umeiondoa hata moja. Anayeuza opsheni hali ikiwa hivyo anauza bima kwa mteja mwenye sababu ya kuinunua, na hilo liamue idadi ya mikataba.

Tufuate sasa kilichotokea. Soko halikuanguka, lilizidi kupanda. Agosti 28, zikiwa zimebaki siku 21, S&P 500 ilifunga 3,508. Opsheni uliyouza ya 3,550 ilikuwa pointi 42 tu juu. Upande wa chini ulikuwa umekaribia kufa na thamani yake ikawa chini ya pointi 2, lakini upande wa juu ulikuwa umefika kama 16. Kumfunga kondori mzima kungegharimu pointi 18 hivi, nawe ulipokea 12. Kwa mikataba sita ya XSP, hiyo ni hasara ya dola 360.

Wengi hawapendi kufunga wakiwa na hasara, kwa hiyo hufanya marekebisho yanayofundishwa zaidi kuliko yote: kuuvuta upande usiotishiwa uje karibu na soko. Unafunga 3,050 na 3,000, kisha unauza 3,300 na kununua 3,250. Unapata pointi 5 za ziada. Jumla ya malipo inakuwa 17, na hasara ya juu inashuka kutoka 38 hadi 33. Kwenye karatasi umepunguza hatari. Lakini tazama uwanja uliobaki. Mwanzo ulikuwa na pointi 500 kati ya kiwango cha chini na cha juu. Sasa una 250.

Je, 250 zinatosha? Hapa ndipo bei kubwa ya opsheni na utulivu wa soko vinapotoa majibu yanayopingana. Ukipima kwa mwendo wa wiki zilizopita, tuseme asilimia 9 kwa mwaka, mtikisiko wa siku 21 ni kama pointi 75 kila upande, na uwanja wako unaonekana mpana. Ukipima kwa VIX, iliyokuwa 23 siku ile, mtikisiko ni kama pointi 195 kila upande, yaani uwanja wa 390. Kondori wako mpya ana 250. Umeuza uwanja mwembamba kuliko ule ambao soko lenyewe linasema linauhitaji.

Kwa hiyo kanuni yangu ya marekebisho ni moja: usiruhusu viwango viwili ulivyouza vikaribiane kuliko mtikisiko unaosomeka kwenye bei za opsheni. Utulivu wa jana usitumike kabisa katika hesabu hiyo. Kama marekebisho yanavunja kanuni, punguza mikataba au funga. Na upande uliokwisha nguvu, badala ya kuusogeza, ununue urudi pale unapogharimu pointi moja au mbili. Ukiubakiza unabeba hatari kubwa kwa chenji.

Kuna dalili nyingine ya siku zile ambayo muuzaji alipaswa kuiona. Kwa kawaida VIX hushuka soko linapopanda. Mwishoni mwa Agosti vyote viwili vilipanda pamoja: Septemba 2 S&P 500 ilifunga 3,581, kilele kipya, na VIX ikafunga 26.57. Hali hiyo humwambia muuzaji asifungue kondori mwingine, hata kama malipo yameongezeka.

Siku ile kondori wetu wa mwanzo alikuwa na hasara ya kama pointi 15. Kanuni ya kawaida ya kutoka, hasara ikilingana na malipo yaliyopokelewa, ilikuwa imeshapitwa. Aliyetoka kwa kanuni hiyo akiwa na mikataba sita alipoteza kama dola 720, asilimia 1.4 ya akaunti. Aliyejaza akaunti kwa mikataba 131 angepoteza kwa kanuni hiyohiyo dola 15,720, karibu theluthi.

Kisha Septemba 3 soko likaanguka asilimia 3.5 kwa siku moja. Kufikia Septemba 8, baada ya siku tatu tu za biashara, fahirisi ilikuwa 3,332. Pointi 249 zimepotea, karibu upana wote wa ule uwanja uliobanwa. Mtu aliyevuta upande wa chini hadi 3,300 alikuwa ametishiwa juu Jumatano na sasa anatishiwa chini Jumanne iliyofuata, huku opsheni zote zikiwa zimepanda bei. Hapo wengi hurekebisha mara ya pili, kwa bei mbaya, na malipo waliyokusanya huishia kwenye ada za dalali na pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza.

Na aliyekaa kimya na kondori wake wa mwanzo? Septemba 17, siku ya mwisho ya kuuza na kununua opsheni za SPX za mwezi ule, fahirisi ilifunga 3,357, karibu palepale ilipoanzia. Alibaki na pointi zake zote 12. Matokeo hayo yasikudanganye kuhusu uamuzi. Septemba 2 hakuna aliyejua kwamba kesho yake itakuwa anguko, na pointi 20 nyingine juu zingempitisha ngao. Aliyeweza kusubiri bila kuhatarisha akaunti ni yule tu mwenye mikataba michache. Mwenye 131 alikuwa chini kwa takriban dola 20,000 usiku ule, na dalali humfungia mtu wa namna hiyo mapema kuliko yeye mwenyewe anavyotaka.

Mimi ningefunga Agosti 28, kwa zile dola 360. Siku 21 za mwisho ndizo ambazo mwendo mdogo wa fahirisi hubadilisha thamani ya opsheni kwa kasi zaidi, na malipo yaliyobaki hayatoshi kulipia kasi hiyo. Kwa upande wa faida, bei za opsheni zikiwa juu huwa natoka nikishapata nusu ya malipo, kwa sababu VIX ikishuka ghafla nusu hiyo huja haraka, wakati mwingine ndani ya wiki. Agosti ile haikuja.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, soko hilo hufunguliwa saa kumi na nusu jioni na kufungwa saa tano usiku, na majira ya baridi ya Marekani huchelewa kwa saa moja. Amri ya kufunga opsheni zote nne za kondori kwa pamoja, kwa nusu ya malipo, iwekwe siku ileile unapofungua biashara. Ile ya hasara ni bora uitekeleze mwenyewe, baada ya nusu saa ya kwanza. Dakika za ufunguzi pengo la bei za opsheni huwa pana, na amri iliyoachwa peke yake inaweza kukutoa kwa bei ambayo dakika kumi baadaye haipo tena.