Kuhariri ombi la risiti yenye jina na TIN sahihi

Kwa Tanzania, risiti ya mashine ya EFD ikishatoka, taarifa zake zinakuwa zimeshafika TRA. Jina likikosewa, kulifuta kwa kalamu na kuandika lingine juu yake hakubadilishi kumbukumbu hizo. Ndiyo maana ombi la marekebisho linahitaji kuandikwa kwa makini, na mengi hayaandikwi hivyo.

Mfano ni kampuni iliyomtuma dereva dukani kuchukua nondo za Sh. 1,180,000. Risiti ikatoka kwa jina la dereva, bila TIN ya kampuni. Ndani ya bei hiyo mna VAT ya asilimia 18, yaani Sh. 180,000, ambayo kampuni iliyosajiliwa VAT itapata shida kuidai kwa risiti isiyoitaja. Rasimu ya kwanza ya ombi ikasema:

"Habari, risiti mliyotupa ina makosa. Jina si letu na TIN hakuna. Naomba mrekebishe haraka, mhasibu anasumbua."

Muuzaji anayetoa risiti nyingi kwa siku hajui hapo ni ipi inayozungumziwa, wala aandike jina gani. Habari za mhasibu hazimsaidii, ziondolewe. Neno "mrekebishe" nalo halitoshi, kwa sababu risiti haihaririwi: ya kwanza hubatilishwa kwa utaratibu wa TRA, ndipo nyingine itolewe. Hapa ndipo penye hofu ya muuzaji. Akitoa ya pili huku ya kwanza ikiwa hai, mauzo yake yataonekana mara mbili na kodi itamwangukia mara mbili. Ombi zuri linaiondoa hofu hiyo mapema:

"Habari za kazi. Tarehe 12 Machi tulinunua kwenu nondo za Sh. 1,180,000, VAT ikiwemo. Risiti namba 417, ya saa 14:38, imetoka kwa jina la dereva wetu na haina TIN yetu. Tunaomba ibatilishwe kwa utaratibu wa TRA na mtupatie nyingine yenye jina, TIN na VRN kama zilivyo kwenye vyeti tulivyoambatanisha. Bidhaa na bei havibadiliki. Risiti ya awali tunayo, tutairudisha, na hatujaitumia kudai kodi. Asanteni."

Jina linakiliwa kutoka kwenye cheti herufi kwa herufi, si kutoka kwenye kibao cha ofisini, kwani jina la biashara na la usajili mara nyingi hutofautiana. TIN ina tarakimu tisa. VRN ni namba nyingine, ya VAT, na moja haijazi nafasi ya nyingine. Kuomba risiti mpya irudishwe tarehe nyuma si haki, kwa kuwa mashine huandika siku inapotoa.

Risiti mpya ikifika, mnunuzi huskani alama ya QR iliyo chini yake na kulinganisha jina na namba zinazoonekana kwenye ukurasa wa TRA na zile za cheti.