Mizani Chini ya Tangi Linalojazwa Maji

Katika swali la aina hii, watahiniwa wengi hukokotoa uzito wa tangi na maji, kisha huishia hapo. Husahau kwamba maji yanayodondoka pia huisukuma mizani yanaposimamishwa.

Mfano. Tangi tupu la kg 2 limewekwa juu ya mizani. Maji yanadondoka ndani yake kwa kiwango cha kg 0.5 kila sekunde, yakianzia katika hali ya utulivu, m 5 juu ya tangi. Mizani itasoma nini sekunde 20 baada ya maji ya kwanza kufika? Chukua g = 10 m/s². Puuza kupanda kwa usawa wa maji tangini.

Utatuzi. Anza na uzito wa vitu vilivyotulia juu ya mizani. Maji yaliyokwisha kuingia ni 0.5 × 20 = kg 10. Ukijumlisha na tangi unapata kg 12, yaani uzito wa N 120.

Sasa tafuta kani ya mgongano. Velositi ya maji yanapofika hupatikana kwa v² = 2gh = 2 × 10 × 5 = 100, hivyo v = 10 m/s. Kila sekunde, kg 0.5 za maji hupunguza velositi kutoka 10 m/s hadi sifuri. Badiliko la momenta kwa sekunde moja ndiyo kani: 0.5 × 10 = N 5.

Mizani inasoma 120 + 5 = N 125. Ikiwa imeandikwa kwa kilo, itaonyesha kg 12.5, ingawa juu yake zimo kg 12 tu.

Angalizo. Usijumlishe uzito wa maji yaliyo bado hewani, kwa kuwa hayajaigusa mizani. Pia, maji yakiruka juu baada ya kugonga, badiliko la velositi huzidi 10 m/s, na kani ya mgongano huzidi N 5.

Swali la nyongeza. Bomba likifungwa wakati mizani inasoma N 125, nini kitafuata?

Maji huchukua sekunde 1 kudondoka m 5, kwa hiyo kg 0.5 bado zimo hewani. Yanapoendelea kufika, mizani hupanda taratibu hadi N 130, yaani uzito wa N 125 na mgongano wa N 5. Tone la mwisho likishatulia, mgongano hukoma na mizani hushuka ghafla hadi N 125.

Usomaji wa mwisho umelingana na ule wa wakati wa kufunga bomba. Sababu ni kwamba maji yaliyokuwa hewani yalikuwa na uzito wa N 5, sawa na kani ya mgongano. Usawa huu hutokea kwa sababu maji yalianza kudondoka kutoka katika utulivu. Kama yangetoka bombani yakiwa na velositi ya kwenda chini, mgongano ungezidi uzito wa maji ya hewani, na usomaji wa mwisho ungekuwa mdogo kuliko ule wa wakati wa kufunga.