Barua ya Udhamini: Mwenye Duka Anataka Kujua Nani Atakuja

Mwezi Desemba, watu wa Kilimanjaro walioko Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na kwingineko hurudi nyumbani kwa sikukuu. Ndiyo sababu kamati nyingi za watu waliosoma pamoja hupanga kukutana Moshi katika siku zile chache kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Wenzao wote wapo, shule zimefungwa na viwanja viko wazi. Miezi michache kabla ya hapo, wajumbe wa kamati huanza kupita kwenye maduka, nyumba za wageni na vituo vya mafuta wakiwa na bahasha mkononi. Ndani yake kuna barua ya kuomba udhamini, na barua nyingi za aina hiyo huishia chini ya kaunta bila kujibiwa.

Haziachwi kwa sababu wafanyabiashara ni wachoyo. Soma tu jinsi zinavyoandikwa. Chini ya kichwa chenye herufi kubwa, YAH: OMBI LA UDHAMINI, inafuata sentensi tunayoijua sote: “Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.” Kisha kamati inaeleza historia ya shule kwa aya mbili, inaomba “kwa heshima na taadhima” ichangiwe “chochote ulichojaliwa”, na kumalizia kwamba mchangiaji atatangazwa siku ya hafla.

Mwenye duka akimaliza kusoma hajui mambo matatu: anaombwa shilingi ngapi, watakaoliona tangazo lake ni akina nani, na huko kutangazwa kutafanyikaje. Neno “chochote” linamwambia kwamba hii ni sadaka. Basi anatoa noti moja au mbili, anawatakia heri, na habari inakwisha. Kamati iliyotarajia laki tano inaondoka na elfu ishirini, na kosa limetoka kwenye barua yake yenyewe.

Udhamini ni mauziano. Kamati ina kitu cha kuuza, nacho ni macho na masikio ya watu watakaokusanyika. Kwa hiyo kazi ya barua huanza kabla ya kuandikwa, kwa kuhesabu watu na fedha.

Tuchukue mfano wa kamati ya watu waliomaliza kidato cha nne mwaka 2006, wanaotaka kuadhimisha miaka 20. Kwenye kundi lao la WhatsApp, watu 210 wameandika “nitakuwepo”. Idadi hiyo haifai kupelekwa kwa mfanyabiashara, kwa kuwa kuandika neno moja kwenye simu hakumgharimu mtu kitu. Idadi inayofaa ni ya waliokwisha kulipa kiingilio. Tuseme wamelipa 120, kila mmoja Sh 50,000, nao wataleta wenza na watoto hadi kufikia sahani 150 za chakula. Hapo kamati ina Sh 6,000,000 mkononi. Bajeti ya chakula, mahema, muziki, fulana, mabango na madawati watakayoikabidhi shule ni Sh 9,900,000. Pengo ni Sh 3,900,000, na hilo ndilo la kutafutiwa wadhamini.

Kamati inaweza kuligawa hivi: mdhamini mkuu mmoja wa Sh 1,500,000, wadhamini wanne wa Sh 500,000 kila mmoja, na vitu vyenye thamani ya Sh 400,000, kama maji ya kunywa na mbuzi wa kuchoma. Mgawanyo huu una faida moja kubwa. Kila barua inabeba ombi moja lenye kiasi maalumu, na mwenye duka la vinywaji anaweza kuombwa katoni za maji badala ya fedha. Kwake ni rahisi zaidi kutoa kilichopo ghalani, na kamati inaokoa fedha ambazo ingezitumia kununua kitu hichohicho.

Baada ya hapo kamati iandike kila mdhamini atapata nini, kwa namna ambayo inaweza kuhesabiwa. Usiandike “utatangazwa”. Andika kwamba bango lako la mita mbili kwa moja litatundikwa langoni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Mshereheshaji atataja jina la biashara yako mara tatu, wakati wa ufunguzi, kabla ya chakula na wakati wa kufunga. Nembo yako itachapwa kwenye ratiba watakayopewa wageni wote. Mdhamini mkuu aongezewe jina mgongoni mwa fulana, meza ya kuonyeshea bidhaa zake na dakika tano za kuzungumza na wageni.

Kila ahadi ina gharama, na hapa kamati nyingi huumia. Kama bango linachapwa kwa Sh 50,000 na mtu aliyetoa Sh 50,000 ameahidiwa bango, kamati haikupata kitu. Fulana nazo zina mtego wake. Katika uchapaji wa kutumia fremu, kila rangi huhitaji fremu yake, kwa hiyo nembo nne zenye rangi tofauti zinaweza kupandisha bei ya kila fulana. Dawa yake ni kumweleza mdhamini mapema kwamba nembo zote za fulana zitachapwa kwa rangi moja. Tena aombwe faili halisi la nembo, ikiwezekana la PDF, kutoka kwa aliyemtengenezea. Picha ya nembo iliyotumwa na kupokewa kwenye WhatsApp mara kadhaa huonekana safi kwenye simu, lakini ikikuzwa hadi ukubwa wa bango inafifia na kuvunjika kingo.

Ziko pia ahadi zisizopaswa kutolewa kabisa. Baadhi ya kamati humpa mdhamini orodha ya namba za simu za wanachama ili awatumie ujumbe wa matangazo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtu aliyetoa namba yake ili apate taarifa za kukutana na wenzake hakukubali iuzwe kwa duka la samani. Afadhali ujumbe wa mdhamini utumwe na katibu mwenyewe kwenye kundi, mara moja au mbili, na idadi hiyo itajwe kwenye barua. Vilevile, kama hafla itafanyika katika uwanja wa shule, mkuu wa shule aulizwe kwanza ni mabango gani yanaruhusiwa kutundikwa. Bango la bia au la michezo ya kubahatisha juu ya lango la shule linaweza kuteremshwa asubuhi ileile ya hafla, na fedha ya mdhamini iwe imekwisha kuliwa.

Sasa barua yenyewe inaweza kuandikwa, na ukurasa mmoja unatosha. Kwa mwenye kituo cha mafuta, sehemu yake kuu ingeweza kusomeka hivi:

“Ndugu Meneja, Jumatatu tarehe 28 Desemba 2026, wahitimu 120 wa kidato cha nne wa mwaka 2006 watakutana Moshi pamoja na familia zao. Wote wamekwisha kulipa kiingilio. Themanini kati yao wanatoka nje ya Kilimanjaro, wengi kwa magari yao, na watakuwa hapa wiki nzima ya sikukuu. Tunaomba kituo chako kitudhamini kwa Sh 500,000. Hatutachukua mdhamini mwingine mwenye kituo cha mafuta. Utakachopata kwa udhamini huo kimeorodheshwa hapa chini. Tutapita ofisini kwako Jumatatu tarehe 19 Oktoba kusikia jibu lako.”

Barua hii inaanza na watu, siyo na historia ya shule. Inataja wale themanini wenye magari kwa sababu ndio wateja wa kituo cha mafuta. Kwa mwenye nyumba ya wageni, sentensi hiyo ingebadilishwa ieleze ni wangapi wanatafuta mahali pa kulala. Kwa muuza vitenge, ni akina mama wangapi watakuja. Taarifa hizo zinapatikana kwa kuuliza maswali mawili zaidi siku mtu anapojiandikisha. Ahadi ya kutochukua mshindani wake nayo ina uzito, kwa maana hakuna mfanyabiashara anayefurahi kulipia bango kisha akakuta la jirani yake limetundikwa sambamba. Na siku ya kufuata jibu imetajwa, kwa hiyo barua haiwezi kusahaulika chini ya kaunta.

Tarehe hizo hazikuchaguliwa ovyo. Fulana na mabango huhitaji kukamilika walau wiki mbili kabla ya hafla, na mwezi Desemba wachapaji wana foleni, hivyo mwisho wa kupokea nembo uwe katikati ya Novemba. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anaweza kuamua palepale kaunta, lakini meneja wa tawi la benki au la kampuni ya simu mara nyingi hana mamlaka hayo. Ombi lake hupelekwa makao makuu, na huko linaweza kukaa wiki nyingi. Barua za taasisi kubwa zitoke Agosti au Septemba, na za maduka ya mjini zifuate.

Jambo la fedha lishughulikiwe kwa uangalifu uleule. Barua ikitaja namba ya simu ya mtu binafsi kuwa ndiyo ya kupokelea fedha, mfanyabiashara makini atasita, na ana haki. Kamati ifungue akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu. Kwa kawaida benki itataka katiba ya kikundi na muhtasari wa kikao kilichowachagua watia saini, kwa hiyo kazi hiyo ianze mapema. Mdhamini apewe stakabadhi yenye mhuri, inayoeleza kwamba fedha zimelipwa kwa ajili ya tangazo na tangazo lenyewe ni lipi. Karatasi hiyo humsaidia mhasibu wake kuonyesha fedha zilikokwenda, na humlinda mweka hazina siku wanachama watakapodai hesabu.

Bango likishatundikwa, lipigwe picha likiwa mahali pake, watu wakionekana mbele yake. Kabla wiki haijaisha, kila mdhamini apelekewe ripoti ya ukurasa mmoja: idadi ya waliohudhuria kweli, picha za bango lake, na yale aliyoahidiwa yakiwa yametiwa alama moja baada ya jingine. Kama walikuja watu 95 badala ya 120, iandikwe 95. Kama kuna ahadi haikutimia, isemwe, na kamati irudishe sehemu ya fedha au ipange namna ya kufidia.

Ripoti hiyo ndiyo itakayoambatanishwa kwenye barua ya mkusanyiko ujao, na kwa mfanyabiashara ina nguvu kuliko sifa zote za shule. Kamati ambayo haiko tayari kuiandika isipeleke barua ya udhamini kwa mtu. Iwaombe wanachama wake waongeze kiingilio.