Adresi ya zamani kwenye afishi: leo iko mikononi mwa nani?

Katika depo nyingi za koperative kuna afishi za miradi iliyokwisha zamani. Inaonyesha namna ya kupanda mihogo ao kukausha kahawa, na chini kabisa kuna adresi ya intaneti ya shirika lililoleta mradi. Shirika lilifunga biro, afishi ikabaki ukutani. Mpaka leo watu wanaipiga picha na kuitumiana kwa WhatsApp.

Shida ni kwamba adresi ya intaneti hainunuliwi mara moja kwa siku zote. Inakodishwa, sawa na shamba la kukodi: ukilipa mwaka, unatumia mwaka. Mradi ukiisha, mara nyingi hakuna tena mtu wa kulipa. Kwa adresi zinazoishia na .org ao .com, kampuni iliyoikodisha inaweza kungoja mpaka siku 45. Kisha kuna siku 30 ambamo mwenyewe anaweza bado kuikomboa, lakini kwa makuta mengi zaidi. Baadaye siku 5 za kufunga, na adresi inaachiliwa. Hapo mtu yeyote, wa inchi yoyote, anaikodi, bila kuulizwa kama anajua mulimaji hata mmoja.

Kuna watu ambao kazi yao ni kungojea dakika ile na mashini. Wanapenda sana adresi za mashirika ya msaada, kwa sababu watu wanaziamini na tovuti zingine zinaendelea kuzielekeza.

Musifikiri ni mambo ya mashirika madogo tu. Kwa mwisho wa mwaka 2020 ilitokea kwa Kongo yenyewe. Adresi scpt-network.com ilikuwa moja ya zile zinazosaidia mashini za dunia kupata majina yote yanayoishia na .cd, yaani majina ya Kongo. Ilikosa kulipiwa. Fredrik Almroth, mutaalamu wa usalama wa kampuni Detectify ya Uswidi, aliona, akaichukua ilipoachiliwa, kisha akawajulisha wenye kuchunga .cd. Tulikuwa na bahati: mwizi angeweza kuitumia ili kupeleka watu kwenye kurasa za uongo.

Mgeni anafanya nini na adresi ya shirika? Wengine wanaweka michezo ya kubahatisha, na hiyo unaitambua mara moja. Hatari zaidi ni yule anayerudisha kurasa za zamani jinsi zilivyokuwa, na picha zilezile za walimaji, kisha anaongeza fomu: andika jina, namba ya telefone na kode ya siri ya M-Pesa ili upate mbegu. Wala kile kifuli kidogo kando ya adresi hakitakulinda. Kinasema tu kwamba njia imefungwa kati yako na ile tovuti. Hakisemi mwenyewe ni nani, na mgeni anakipata bure kwa dakika chache.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawafikirie: barua. Mwenye adresi anaweza kupokea imeli zote zinazotumwa kwake, hata zile za wafanyakazi walioondoka. Kama koperative yenu inatuma bado liste ya wanamemba kwa ile imeli ya zamani, haitarudi kuwaambia kwamba imepotea. Itafika, na mgeni ataisoma.

Namna ya kuchunguza iko. Tuchukue mfano wa afishi iliyochapwa 2016, yenye adresi ya .org. Usifungue ile adresi. Nenda kwa lookup.icann.org, iandike pale, kisha tafuta mustari wa Created. Ikionyesha 2022, basi ile adresi iliachiliwa na kukodiwa upya: afishi ina umri kupita mwenye adresi wa leo. Ikionyesha 2009, haitoshi kutulia, kwa sababu kuna adresi zinazouzwa kwa mnada kabla ya kuachiliwa, na tarehe ya zamani inabaki. Hapo ni muzuri kuuliza mutu wa shirika uso kwa uso, ao kwa namba ambayo munajua tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye tovuti.

Afishi yenyewe musiitupe, mafundisho ya kahawa hayajaoza. Pitisha kalamu nyeusi juu ya adresi, na mufute ule ujumbe katika grupu ya WhatsApp.

Na kama koperative yenu iko na adresi yake, kwa kawaida ni dola 10 mpaka 20 kwa mwaka. Tarehe ya kulipa iandikwe katika kitabu cha makuta, na onyo la malipo lifike kwa watu wawili, si kwa kijana mmoja aliyeitengeneza na ambaye kesho atahamia muji mwingine. Hata mukibadilisha jina, mulipe la zamani kwa miaka fulani tena: wanunuzi wenu wa kahawa wataendelea kuandika kwa ile imeli wanayoijua.