Mtego wa "daima" na "kamwe"

Katika maswali ya kweli au si kweli, sentensi yenye neno "daima" au "kamwe" mara nyingi huwa si kweli, kwa kuwa mfano mmoja tu wa kinyume unatosha kuiangusha. Sentensi yenye "kwa kawaida" huvumilia mikengeuko. Yenye "daima" haivumilii hata mmoja.

Chukua sentensi hii: "Maji safi daima huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi." Aliyezoea kuchemshia chai Tanga au Mombasa ataona ni kweli. Lakini kadiri mtu anavyopanda juu, mgandamizo wa hewa hupungua, na maji huchemka kwa joto dogo zaidi, takriban nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 80 hivi. Sentensi imeanguka. Ondoa "daima", ibaki "maji safi huchemka kwa nyuzi 100", na wengi wataikubali, kwani kiambishi "hu-" hutaja desturi ya jambo bila kuapa kwamba halikosi kutokea. Ndiyo maana mtunzi wa mtihani anayetaka sentensi ya uongo huona wepesi kuchukua ukweli wa kitabuni na kuupachika "daima".

Kuanguka huko hakumaanishi kwamba kinyume chake ni "kamwe". Maji hayo yakiwa usawa wa bahari huchemka kwa nyuzi 100 vilevile. Kinyume cha "daima" ni "si daima", na hapo wanafunzi wengi hujikwaa.

Kanuni hii hufanya kazi pale ambapo madai yametokana na kuangalia mambo ya dunia, yenye hali nyingi zinazobadilika. Hushindwa pale madai yanapotokana na maana ya maneno yenyewe au yanapoweza kuthibitishwa. "Jumla ya namba mbili witiri daima ni shufwa" ni kweli tupu. Kila namba witiri, ikigawanywa jozi jozi, hubakiza moja. Zikijumlishwa mbili, masalio hayo mawili hufanya jozi, na hakuna kinachobaki. Hakuna haja ya kujaribu namba zote. Mtunzi mjanja hulijua hilo, na huweka "daima" kwenye sentensi ya kweli ili kumnasa anayekisia kwa kuangalia neno tu.

Hata katika hesabu, hata hivyo, mipaka lazima isomwe. "Namba tasa haiwi shufwa kamwe" si kweli, kwa sababu ya 2 peke yake. Lakini "namba tasa iliyo kubwa kuliko 2 haiwi shufwa kamwe" ni kweli, maana kila shufwa inayoizidi 2 hugawanyika kwa 2, na kwa hiyo si tasa.