Kumsomea Mzazi Ripoti ya Shule: Alama ni Zipi, Maoni ni Yapi

Shule zinapofunga mwezi wa sita, kuna wazazi wengi ambao hawaisomi ripoti wenyewe. Mama yuko Tunduma kwenye biashara, baba yuko safarini, au bibi anayemlea mtoto macho hayaoni tena maandishi madogo. Basi kaka mkubwa au shangazi anaishika karatasi, anapiga simu na kusema: "Amefaulu kiasi, ila mwalimu anasema ni mvivu." Sentensi hiyo moja imechanganya vitu viwili. Kufaulu kumetokana na mtihani uliosahihishwa, uvivu umetokana na macho ya mwalimu. Mzazi akipewa vyote katika mkupuo mmoja, hasira ya la pili humeza habari ya la kwanza.

Tuchukue ripoti moja ya mfano, ya binti wa Kidato cha Tatu katika shule ya sekondari ya kutwa nchini Tanzania, muhula wa kwanza. Ana masomo 9. Kila somo lina alama ya jaribio la katikati ya muhula, alama ya mtihani wa mwisho, wastani wa hizo mbili, herufi, na neno la mwalimu. Kiswahili amepata wastani wa 70 na Uraia 68, zote B. Historia 63, Kiingereza 52, Jiografia 52 na Baiolojia 48, zote C. Kemia 35 na Fizikia 33, ambazo ni D. Hisabati 20, yaani F. Chini pameandikwa: wastani wa jumla 49, Daraja la Pili, nafasi ya 41 kati ya 112.

Msomaji mwenye haraka huanzia chini, kwenye Daraja la Pili, na mama anashukuru Mungu. Lakini daraja la kidato cha nne, ambalo shule nyingi huliiga kwenye ripoti zao, huhesabiwa kwa masomo 7 yaliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Binti huyu ana B mbili, C nne na D moja: pointi 20, na Daraja la Pili ni pointi 18 hadi 21. Fizikia na F ya Hisabati hazikuingia kabisa kwenye hesabu hiyo. Kwa hiyo ukimtajia mzazi daraja, mtajie na masomo yaliyobaki nje, la sivyo atajua habari njema tu.

Wastani nao huficha mambo. Kiingereza na Jiografia zote zina 52, ila Kiingereza alianza na 50 akamaliza na 54, wakati Jiografia alianza na 61 akaanguka hadi 43. Hisabati ni kinyume chake: 12, kisha 28. Bado ni F, maana D huanzia 30, lakini amepanda kwa alama 16. Mimi ningeziweka safari hizo mbili mbele ya wastani wowote. Na nafasi ya 41 isomwe kwa uangalifu, kwa sababu inaeleza waliokaa naye darasani kuliko anavyojua somo. Katika Hisabati hiyohiyo yeye ni wa 38. Maana yake wenzake 74 wamepata 20 au pungufu, na hapo mzazi ana swali la kuwauliza walimu, si la kumuuliza mtoto peke yake.

Sasa tuje kwenye maneno. Mbele ya kila B pameandikwa "Vizuri", mbele ya kila C "Wastani", mbele ya kila D "Ongeza bidii". Ukiona neno lilelile linaifuata herufi ileile kutoka juu hadi chini, kompyuta ndiyo iliyojaza. Hayo hayastahili kuitwa maoni, ni herufi iliyorudiwa kwa maneno, na katika muhtasari yaache. Ndiyo maana Jiografia ina "Wastani" wakati mtoto ameporomoka. Palipoandikwa kwa kalamu ni pawili tu. Mwalimu wa Hisabati: "Hajitahidi, abadilike." Mwalimu wa darasa: "Ana uwezo ila utoro na makundi vinamrudisha nyuma."

Hayo ndiyo maoni, na yana uzito wake. Mwalimu anamwona mtoto kila siku, anajua anakaa na nani na daftari lake likoje, mambo ambayo mtihani hauyaoni. Ila yabebe kama yalivyo, pamoja na mwenyewe aliyeyasema. Usiyaongezee chumvi ukamfanya binti mhuni, wala usiyapunguze ili mama asilie kwenye simu. Na pale maoni yanapopishana na alama, kama Hisabati iliyopanda huku mwalimu akiandika kwamba hajitahidi, usiamue wewe nani yuko sahihi. Viseme vyote viwili.

Sehemu inayowakosesha wengi ni tabia na mwenendo. Hapo pana herufi: usafi A, nidhamu B, bidii ya kazi C. Zinafanana na alama, kumbe hakuna mtihani wa bidii uliofanyika. Ni maoni yaliyovaa sare ya alama, na yakae upande wa maoni.

Mahudhurio ni habari ya tatu. Ripoti inasema siku 83 kati ya 97. Siku 14 za kukosekana zimetoka kwenye daftari la mahudhurio, hivyo ni hesabu. "Utoro" ni namna mwalimu alivyozielewa siku hizo. Huenda kweli alitoroka, huenda aliugua malaria wiki nzima na cheti cha zahanati hakikufika shuleni.

Basi ujumbe wa kaka kwa mama ungeweza kuwa hivi:

"Shikamoo mama. Ripoti ya mdogo wangu imekuja. Alama kwanza: B mbili, C nne, D mbili, na Hisabati F. Wameandika Daraja la Pili, ila Hisabati na Fizikia hazimo kwenye hesabu hiyo. Jiografia imeshuka toka 61 hadi 43. Hisabati imepanda toka 12 hadi 28. Amekosa shule siku 14. Sasa maneno ya walimu: wa Hisabati ameandika 'Hajitahidi, abadilike'. Wa darasa ameandika ana uwezo ila utoro na makundi vinamrudisha nyuma. Bidii wamempa C, nidhamu B. Karatasi nimeipiga picha, nakutumia."

Hakuna "nadhani" ya kaka humo. Kama ana lake, alitume kwenye ujumbe mwingine, maana mama akisikia maoni ya mwalimu na ya kaka pamoja, kesho atamlaumu mwalimu kwa neno ambalo hakuliandika.

Shule ikifunguliwa Julai, mzazi au aliyemwakilisha aende na maswali mawili: kwa mwalimu wa Jiografia, ni mada zipi zilizomshinda kati ya jaribio na mtihani; kwa mwalimu wa darasa, ni tarehe zipi hizo 14. Kipande cha chini chenye sahihi ya mzazi kirudishwe shuleni. Ripoti yenyewe ihifadhiwe nyumbani, ndiyo itakayolinganishwa na ya Desemba.